Fyucha ya dhahabu kuwa juu ya bei ya leo si utabiri: dhana potofu na ukweli

Vijana wengi hapa Mombasa siku hizi wana chati ya dhahabu kwenye simu, ukikaa baraza yoyote Mji wa Kale jioni utaskia XAUUSD, yaani bei ya aunsi ya dhahabu kwa dola, imefanya nini leo. Sasa kuna jambo moja linalowachanganya watu sana, nalo ni kwamba ukifungua bei ya papo hapo na bei ya fyucha ya soko la COMEX kule Nyuyoki (ile inayoandikwa GC), yaani mkataba wa kuuziana dhahabu siku ya mbele kwa bei mnayokubaliana leo, mara nyingi fyucha iko juu, na kadri tarehe ya mkataba ilivyo mbali ndivyo inavyozidi kupanda. Hapo ndipo maneno yanapoanza.

Dhana: "Fyucha iko juu kwa sababu wakubwa wanajua dhahabu itapanda."

Hii ndiyo inayowaponza watu, na mimi inaniuma kwa sababu kuna mtu anatoa pesa yake halali akanunua kwa hoja hii tu. Ukweli ni kwamba lile pengo kwa kawaida halisemi chochote kuhusu dhahabu inaelekea wapi. Linasema ni gharama gani kununua dhahabu leo na kukaa nayo mpaka siku ya mkataba.

Tufanye hesabu, nachukua namba rahisi tu ili tuelewane. Mkataba mmoja wa GC ni aunsi 100, na aunsi ya dhahabu ni gramu 31.1 hivi. Tuseme bei ya papo hapo ni dola 2,000, kwa hivyo mzigo wote ni dola 200,000. Wewe ni mfanyabiashara, umeahidi kumpa mtu dhahabu hiyo baada ya siku 180. Njia ya uhakika ni kukopa dola 200,000 leo, ununue, uweke, ungoje. Riba ya dola ikiwa asilimia 5 kwa mwaka, nusu mwaka unalipa dola 5,000. Kuhifadhi na bima tuweke asilimia 0.2 kwa mwaka, yaani dola 200 kwa hiyo nusu mwaka. Jumla 5,200, ukigawa kwa aunsi 100 unapata dola 52. Basi bei ya haki ya kuiuza mbele ni 2,052. Hakuna aliyetabiri kitu hapo.

Na bei haiwezi kwenda mbali sana na hapo, manake kuna watu kazi yao ni kuvizia. Fyucha ikipanda mpaka 2,080, wananunua dhahabu leo na wakati huo huo wanauza fyucha, siku ikifika wanakabidhi mzigo wanapokea 208,000, wakitoa gharama yote ya 205,200 wamebaki na dola 2,800 bila kujali dhahabu imepanda au imeshuka. Wakishauza fyucha wengi bei inarudi chini. Ikishuka mpaka 2,030 wenye dhahabu wanafanya kinyume chake, wanauza ya mkononi, pesa inakaa inazaa riba, halafu wanaichukua tena kwa fyucha kwa bei nafuu, hapo wameokoa dola 2,200.

Dhana: "Pengo ni hela ya stoo na walinzi."

Rudi kwenye hesabu uangalie. Kati ya dola 52, dola 50 ni riba, mbili tu ndizo za stoo na bima. Dhahabu ina thamani kubwa kwenye nafasi ndogo, haiozi, haili umeme wala haihitaji dawa ya wadudu, kwa hivyo kuitunza ni rahisi ukilinganisha na thamani yake. Mzigo mzito ni pesa iliyofungwa humo ndani. Ndiyo maana riba ya dola ikishuka kutoka asilimia 5 mpaka 1, pengo lile lile la siku 180 linakuwa dola 12 tu, na hakuna mtu amebadilisha mawazo yake kuhusu dhahabu.

Kuna mwingine atapiga hesabu kwa riba ya mkopo wa benki ya hapa kwetu, kisha ashangae mbona haikubali. Haiwezi kukubali, kwa sababu hii ni riba ya dola, tena ile wanayokopeshana mabenki makubwa. Ukitaka kujua soko limeweka gharama gani ndani ya bei piga hivi:

```
(fyucha - papo hapo) / papo hapo * 360 / siku zilizobaki
```

Kwa mfano wetu inatoka asilimia 5.2 kwa mwaka. Hakikisha tu bei zote mbili umezichukua wakati mmoja, manake dhahabu inaruka dola kadhaa ndani ya dakika na ukichanganya ya asubuhi na ya mchana utapata upuuzi.

Kitu kimoja kinachopunguza pengo ni kwamba dhahabu yenyewe hukodishwa. Mabenki ya kati na wenye mizigo mikubwa huwakopesha wengine na kulipwa asilimia fulani, kwa hivyo mwenye dhahabu anaweza kufidia gharama yake kidogo, na soko linalitoa hilo kwenye bei. Dhahabu ya kukodi ikiadimika na kodi ikapita riba ya dola, fyucha inaweza kwenda chini ya bei ya papo hapo, ingawa ni nadra.

Dhana: "Mimi natumia XAUUSD, mambo ya fyucha hayanihusu."

Yanakuhusu sana. Ukinunua XAUUSD na kulala nayo, angalia ile laini ya swap kwenye akaunti yako, kila usiku unakatwa kidogo. Hiyo ni gharama ile ile ya riba (na broka ameongeza chake juu), ila wewe unailipa kidogo kidogo badala ya kuikuta tayari ndani ya bei. Akaunti zisizo na swap ambazo wengi huku Pwani tunazichagua kwa sababu ya dini, hukumu yake niwaachie mashekhe, lakini kwa upande wa hesabu soma masharti uone kama kuna ada ya kila siku au komisheni kubwa, kwa sababu broka naye ana gharama zake.

Mwenye fyucha naye haponi. Amenunua kwa 2,052, miezi sita dhahabu imekaa pale pale 2,000, pengo limeyeyuka siku hadi siku na mwisho amepoteza dola 52 kwa kila aunsi, ilhali bei ya papo hapo haijashuka hata dola moja.

Dhana: "Basi pengo ni riba na stoo, siku zote."

La, kuna siku linavunjika. Machi 2020 pengo lilifumuka likapita dola 60 kwa aunsi wakati riba ya dola ilikuwa imekaribia sufuri, kwa hivyo riba haikuwa sababu. Ndege zilisimama kwa korona, na viwanda vikubwa vya kusafisha dhahabu kule Tichino, Uswisi, vilifungwa. Londoni dhahabu ilikuwepo, lakini mche wa Londoni ni wa aunsi 400 hivi, na mkataba wa GC unataka mche wa aunsi 100 au ile ya kilo moja moja. Kwa hivyo aliyekuwa ameuza fyucha Nyuyoki akitegemea mzigo wa Londoni hakuwa na pa kuuyeyushia wala ndege ya kuubeba, ikabidi ainunue tena fyucha aliyouza kwa bei yoyote ili atoke. Mwanzoni mwa 2025 pengo likapanuka tena, safari hii kwa hofu kwamba Marekani itatoza ushuru dhahabu inayoingia, watu wakakimbilia kusafirisha mizigo kutoka Londoni kabla mlango haujafungwa.

Kwa hivyo ukipiga ile hesabu ukaona inatoka asilimia 10 na riba ya dola ni 4, usikimbilie kusema dhahabu inapaa, uliza kwanza ni nini kinachozuia mzigo kutoka Londoni kufika Nyuyoki.