"Ich würde gerne" si hapana

Wiki hii nimetumiwa tena barua ya kukataa kazi kwa Kijerumani. Muuguzi mmoja wa Tanga, cheti cha B2 mkononi, amepata kazi mbili Ujerumani, moja kwenye nyumba ya wazee na nyingine hospitalini. Anaitaka ya hospitali. Ile ya wazee akaikataa kwa barua pepe, au tuseme aliamini ameikataa. Siku mbili baadaye ofisi ya ajira ikamjibu kwa uchangamfu: je, tarehe 1 Oktoba ingekufaa zaidi? Akanirushia picha ya skrini na swali: "Dada, hawa hawaelewi Kijerumani chao wenyewe?"

Wanakielewa vizuri sana. Alichoandika ni hiki:

```
Ich würde gerne bei Ihnen arbeiten, aber im Moment ist es leider schwierig. Ich melde mich eventuell später.
```

Sarufi haina doa. Anasema angependa kufanya kazi kwao, ila kwa sasa, bahati mbaya, ni vigumu, na huenda akawasiliana nao baadaye. Nikimsomea mama yangu kwa Kiswahili atatikisa kichwa na kusema, "Huyo haji." Sisi tukisikia "tutaona" au "Mungu akipenda" kwa sauti fulani tunajua habari imeisha. Lakini yule mama wa ofisini alisoma maneno yalivyo: huyu anatutaka, kikwazo ni "im Moment", basi nimpe tarehe nyingine. Alifanya kazi yake sawasawa. Nami nilikaa miaka mitatu kwenye ofisi ya namna hiyo hapa Leipzig, na ningejibu vilevile.

Neno "eventuell" nalo lilikuwa na mkosi wake. Waliopitia Kiingereza kwanza hudhani maana yake ni "hatimaye". Maana yake ni "huenda". Kwenye barua ya kukataa halina kazi yoyote.

Sasa nifike kwenye kinachonikera. Kuna imani inayozunguka kwenye makundi ya Watsapu ya kozi, kwamba Kijerumani cha adabu ni kile chenye "-nge-", yaani würde, wäre, hätte, könnte. Ukitaka kukataa kwa heshima, wanaambiana, nyunyiza würde kila sentensi. Nimesahihisha barua za aina hiyo hadi nimechoka. Ukiomba kitu, ndiyo, würde inasaidia. Ukikataa, swali la kwanza si upole. Swali ni hili: kitenzi cha kukataa kiko wapi? Kwenye barua ya huyu muuguzi hakipo. Tafuta "absagen", tafuta "ablehnen", hata "für eine andere Stelle entschieden" hutaliona. Amezunguka nyumba nzima bila kubisha mlango.

Nikawa mkali zaidi ya inavyostahili kwa miaka kadhaa, nikawakataza wanafunzi ile "-nge-" kabisa kwenye barua hizi. Nilikosea. Wajerumani wenyewe huandika "Hiermit möchte ich Ihnen absagen", nikitafsiri neno kwa neno "kwa barua hii ningependa kuwakatalia", na hakuna anayedhani bado wanafikiria. Möchte nayo asili yake ni "-nge-". Tofauti ni kwamba "absagen" imo ndani. Kwa hiyo laini utakavyo pembeni ya kitenzi, mradi kitenzi chenyewe kibaki.

Yake tuliiandika upya hivi (Muster ni jina la mfano tu):

```
Betreff: Absage – Ihr Stellenangebot vom 3. Juni

Sehr geehrte Frau Muster,

vielen Dank für Ihr Angebot und das freundliche Gespräch.
Ich habe mich für eine andere Stelle entschieden und
muss Ihnen daher leider absagen.

Ihnen und Ihrem Team wünsche ich alles Gute.

Mit freundlichen Grüßen
```

Yaani: asante kwa ofa na mazungumzo mazuri, nimeshachagua kazi nyingine, kwa hiyo bahati mbaya sina budi kuwakatalia, nawatakia kila la heri. Chini yake jina lako kamili, basi. Aliniuliza, "Ndiyo yote?" Ndiyo yote. Neno "Absage" kwenye kichwa cha barua linaonekana kali, lakini kwa mtu mwenye barua sitini asubuhi ni hisani. Anajua kabla ya kufungua.

Angalia "habe mich entschieden". Uamuzi umeshapita, kama "nimeshaamua". Ukiandika "ich entscheide mich", msomaji anakuona bado uko njia panda. Na ni "für eine andere Stelle", kwa kile ulichokichagua. Unaweza pia kusema "gegen Ihr Angebot", yaani dhidi ya ofa yenu, sarufi inaruhusu, lakini inamgusa mtu kifuani bila sababu. "Ich lehne Ihr Angebot ab" nayo ni sahihi na haina utata hata chembe, ila inanuka karatasi ya mahakama.

"Muss" ilinisumbua muda mrefu. Nani amekulazimisha? Hakuna. Nilikuwa naifuta nikiiona ya uongo. Siku hizi naiacha, na sababu yangu ni ya kifundi kuliko ya kimaadili: ukiwa na "muss", kitenzi kinabaki kizima mwishoni, absagen. Bila hiyo, lazima ukipasue: "Ich sage Ihnen daher ab." Mwanafunzi akisahau kale ka-"ab", amebaki na "nawaambia kwa hiyo". Na akiweka "zu" badala yake, amekubali kazi. Silabi moja tu! Kuhusu "leider", iache moja. Zikifika tatu, wataanza kukubembeleza.

Sababu je? Hapa sina uhakika wa kujivunia. Mimi husema "kazi nyingine" inatosha, na usilitaje jina la huyo mwajiri mwingine. Wapo wenzangu wanaosema hata hilo ni la ziada. Ninachojua ni kwamba ukiandika mshahara mdogo au mji uko mbali, umefungua mazungumzo, na watakuja na mshahara mpya. Kama unataka wapandishe, hiyo ni barua nyingine kabisa. Usiichanganye na hii, kwa sababu kwa sheria yao ya madai, BGB, kifungu cha 146, ofa uliyoikataa imekufa. Ukijuta kesho unaanza upya kama mgeni.

La mwisho nilimuuliza kabla hajabonyeza: umeshasaini chochote? Hakuwa amesaini. Angekuwa na mkataba uliosainiwa na pande zote mbili, barua hii isingetosha. Hapo inaitwa "Kündigung", kusitisha mkataba, na kifungu cha 623 kinataka karatasi yenye saini ya mkono; barua pepe haihesabiki hata ukiiandika kwa dhahabu. Wengi wanaotuma "Absage" nzuri baada ya kusaini hudhani wamemaliza, kumbe bado wamo kazini.

Aliituma saa nne asubuhi. Jibu likaja kabla ya saa sita: "Schade, aber danke für die schnelle Rückmeldung." Mara simu yangu ikalia. "Dada, amesema schade. Amekasirika?" Hajakasirika. Anasema tu wamekukosa, na asante kwa kuwajibu mapema. "Sasa nimjibu nini?" Usimjibu kitu.