Madini ya risasi kwenye manjano hutoka wapi

Watu wanaoniletea manjano niyapime hapa Nairobi huuliza kwanza kama shamba lilikuwa karibu na barabara kuu. Ni kweli kwamba udongo na kinu kilichochakaa vinaweza kuacha madini ya risasi kidogo. Lakini nikikuta mamia ya miligramu katika kilo moja, siwazii shamba tena. Hapo kuna mtu aliyetia rangi.

Rangi hiyo ni kromati ya risasi, unga wa njano uliotumika miaka mingi kuchorea alama za barabarani. Kisa kilichochunguzwa vizuri zaidi ni cha Bangladeshi. Manjano huchemshwa, huanikwa, kisha huzungushwa ndani ya pipa mpaka maganda yatoke. Mafuriko ya miaka ya 1980 yalipolowesha mavuno, vipande vilikauka vikiwa vimefifia, na baadhi ya wafanyabiashara wakaanza kutupia unga huo pipani. Vipande vibovu vikatoka viking'aa. Wanunuzi wa jumla wakauzoea mng'ao huo.

Kiasi kinachohitajika ni kidogo mno. Karibu asilimia 64 ya uzito wa kromati ya risasi ni risasi tupu, kwa hiyo gramu moja tu ndani ya kilo ya manjano huacha miligramu 640. Kijiko cha chai cha gramu 3 kinatia karibu mikrogramu 1,920 kwenye sufuria. Watu watano wakila, kila mmoja anapata 384. Mamlaka ya chakula ya Marekani hutumia mikrogramu 2.2 kwa siku kama kipimo cha tahadhari kwa mtoto. Kupika hakuiondoi.

Maabarani naitambua kwa mwenzake. Kromati ina kromi pia, na uzito wa risasi huwa takriban mara nne ya ule wa kromi. Uwiano huo ukijitokeza katika sampuli moja baada ya nyingine, chanzo ni rangi. Risasi ikiwa nyingi bila kromi, natafuta chanzo kingine.

Jaribio linalosambazwa kwenye WhatsApp, la kutia manjano kwenye glasi ya maji na kuangalia kinachozama, halitoshi, kwa sababu unga huu ni laini sana na manjano safi nayo huzama. Kwa kipande kizima kuna dalili: kivunje. Nje kukiwa na njano kali inayobaki vidoleni, na ndani kumepauka, usikinunue. Yakishasagwa, jicho halina msaada.

Mwaka 2019, asilimia 47 ya sampuli za sokoni Bangladeshi zilikuwa na rangi hiyo. Serikali ikatoa maonyo, ikapeleka vipimo vya mkononi vya eksirei kwenye soko la jumla la Shyambazar jijini Dhaka, na kuwatoza faini wauzaji papo hapo. Kufikia 2021 haikupatikana hata moja. Nami nataka wakaguzi wetu waanzie hapo hapo, kwenye magunia ya vipande vizima ghalani, kabla mizigo ya watu kumi haijachanganywa kinuni na aliyetia rangi akapotelea humo.