Jivii na kostiki: mmenyuko wa daraja la kwanza bandia

"Kitendanishi kimoja kikiwa kingi kupita kiasi, kwa nini kinaondolewa kwenye hesabu ya kasi? Ina maana hakichangii tena?"

Kinachangia, tena sana. Kinachoondoka ni badiliko lake tu. Nasisitiza hili kwa sababu nami niliamini kwa muda mrefu kwamba kitendanishi kilichozidi "hakihesabiki", hadi siku niliyoongeza kostiki mara mbili na kuona rangi ikitoweka kwa nusu ya muda wa awali. Kitu kisichohesabika hakiwezi kufanya hivyo.

Rangi yenyewe ni jivii, ile dawa ya zambarau inayopakwa vidonda vya mdomoni. Ukiiyeyusha kidogo sana kwenye maji na kuongeza kostiki, yaani sodiamu haidroksaidi, ayoni ya haidroksaidi hujishika kwenye molekuli ya jivii na zambarau inapotea. Kila molekuli moja hula ayoni moja, na kasi hutegemea ukolezi wa vyote viwili, J ikiwa jivii, H haidroksaidi na k kisichobadilika cha kasi:

```
kasi = k[J][H]
```

Huu ni mmenyuko wa daraja la pili. Ukitaka kujua jivii iliyobaki baada ya muda t, mlinganyo kamili ni huu:

```
kt = 1/([H]₀ − [J]₀) · ln([J]₀[H] / ([H]₀[J]))
```

Ni mzigo, maana J na H zote zinapungua kwa pamoja. Sasa tuweke jivii moli 0.00001 kwa lita na haidroksaidi moli 0.02 kwa lita, mara 2,000 zaidi. Hata jivii yote ikiisha, haidroksaidi inashuka kutoka 0.02 hadi 0.01999 tu.

Fikiria watoto 10 waliopotea katika uwanja wenye watu wazima 20,000. Kila mtu mzima anayekutana na mtoto humshika mkono na kutoka naye. Mtoto wa kwanza akitoka, umati haujapungua kwa kiasi cha kuonekana. Hata mtoto wa tisa akitoka, wa kumi bado amezungukwa na umati uleule, na nafasi yake ya kupatikana katika dakika inayofuata ni sawa na ilivyokuwa mwanzo. Nafasi isiyobadilika kwa kila aliyebaki: hiyo ndiyo tabia ya daraja la kwanza. Lakini jaza uwanja huohuo watu 40,000, na watoto watapatikana upesi mara mbili. Umati haukutoweka kwenye hesabu; umejificha ndani ya kisichobadilika kipya.

Kwenye mlinganyo ule mrefu, [H] inabaki sawa na [H]₀, na tofauti ya [H]₀ na [J]₀ nayo ni [H]₀ tu. Kinachosalia ni:

```
ln[J] = ln[J]₀ − k't
k' = k[H]₀
```

Tukichukua k kuwa 0.2 (lita kwa moli kwa sekunde), thamani iliyo karibu na inayopatikana kwenye nyuzi joto 25, basi k' ni 0.004 kwa sekunde. Nusu ya rangi inaisha kwa sekunde 173, na nusu ya iliyobaki kwa sekunde 173 nyingine. Weka haidroksaidi 0.04, na nusu-maisha inakuwa sekunde 87.

Kuna faida nyingine ninayoipenda zaidi. Kipimamwanga kwenye nanomita 590 kinasoma ufyonzaji wa mwanga, nao huenda sambamba na ukolezi wa jivii. Kwa kuwa mteremko wa logi haujali unazidisha kwa namba gani, unachora logi ya ufyonzaji moja kwa moja dhidi ya muda, bila hata kujua uliweka jivii kiasi gani hasa.

Mstari ulionyooka, hata hivyo, unathibitisha daraja la jivii peke yake. La haidroksaidi linapatikana kwa kurudia jaribio na kostiki ya viwango tofauti, kisha kutazama k' inavyopanda. Hapo kuna mtego: kostiki ikiongezeka, ayoni zote majini zinaongezeka, na kwa kuwa jivii ina chaji chanya na haidroksaidi chaji hasi, mvutano wao unafifishwa na k yenyewe inashuka kidogo. Ndiyo maana huongezwa chumvi ya kawaida ili jumla ya ayoni ilingane katika kila chupa.

Na ziada itoshe kiasi gani? Ikiwa mara 10, k' inashuka kwa asilimia 10 kufikia mwisho, jambo linaloweza kuvumilika kwa kipimo kisicho cha makini sana. Ikiwa mara 2 tu, inashuka hadi nusu. Utaiona kwenye grafu: mstari unaanza kwa kuteremka vizuri, kisha unapinda na kulala kadiri muda unavyokwenda.