Mstari wa ugavi ukihama, bei na kiasi vinaishia wapi?

Swali: "Kwenye grafu, mstari wa ugavi umesogea kushoto kwa mifuko 200. Mbona kiasi kinachouzwa kinapungua kwa mifuko 80 tu?"

Kwa sababu mifuko 200 ni pengo linalotokea kwenye bei ya zamani, na bei haikai pale. Inapanda, na kila inapopanda pengo linazibwa kutoka pande mbili: wanunuzi wanaacha baadhi ya mifuko, na wauzaji wanarudisha sokoni sehemu ya ile waliyoipunguza. Mifuko 80 ni sehemu ya wanunuzi peke yake.

Tuchukue saruji. Bei ya mfuko tuiite P na idadi ya mifuko kwa siku tuiite Q. Tuseme soko liko hivi:

```
Mahitaji:  Q = 1000 - 40P
Ugavi:     Q = 60P
```

Bei ikiwa 10, wanunuzi wanataka mifuko 600 na wauzaji wanaleta mifuko 600. Hapo ndipo mistari miwili inapokatana.

Sasa mafuta ya kuchomea tanuri yanapanda bei. Tanuri la saruji hufikia nyuzi joto zipatazo 1450 za Selsiasi, kwa hiyo gharama ya nishati inamuuma mwenye kiwanda moja kwa moja. Kwa kila bei unayoweza kumtajia, yuko tayari kuleta mifuko 200 pungufu. Ugavi mpya ni Q = 60P − 200. Mstari wa mahitaji haujaguswa, maana anayejenga nyumba hahusiki na mafuta ya tanuri. Anachokiona yeye ni bei ya mfuko.

Kwenye bei ya zamani ya 10, wanaotaka bado wanataka mifuko 600 lakini inayoletwa ni 400. Pengo ni 200, maghala yanakauka, na wauzaji wanagundua kwamba wanaweza kupandisha bei bila kukosa wateja. Bei ikifika 11, wanunuzi wanataka 560 na wauzaji wanaleta 460, kwa hiyo pengo limeshuka hadi 100. Bei ikifika 12, pande zote mbili zinasema 520, na hakuna tena kinachoisukuma bei juu.

Hesabu imekaa wazi. Bei imepanda kwa 2. Kila nyongeza ya 1 inawatoa wanunuzi wa mifuko 40, basi wamepungua 80. Nyongeza hiyohiyo inawavuta wauzaji walete mifuko 60 zaidi, basi wamerudisha 120. Ukijumlisha 80 na 120 unapata zile 200. Kwa hiyo, ukitaka kujua bei itapanda kiasi gani, gawanya pengo la mwanzo kwa jumla ya miitikio ya pande mbili: 200 kwa 100, jibu 2. Mistari ikiwa imenyooka, njia hii inafaa kwa uhamaji wowote wa mstari mmoja.

Hapo ndipo unapoona nani anaamua matokeo. Tuseme wanunuzi hawana mbadala wa saruji, na bei ikipanda kwa 1 wanapungua kwa mifuko 20 tu, yaani mahitaji ni Q = 800 − 20P. Kwenye bei ya 10 bado wanataka 600, lakini sasa pengo la 200 linagawanywa kwa 80. Bei inapanda hadi 12.50 na mauzo yanashuka hadi 550. Uhamaji ni uleule wa ugavi, lakini bei imeruka zaidi na kiasi kimepungua kidogo. Wauzaji wakiwa ndio wasioweza kuitika, tuseme wamekwama kwenye mifuko 400 hata bei ipande vipi, mzigo wote wa kuziba pengo unawaangukia wanunuzi. Kwa mahitaji yetu ya kwanza, bei ingefika 15. Ndiyo maana bei mara nyingi huruka sana katika siku za mwanzo, kisha hushuka kidogo wauzaji wanapopata nafasi ya kujipanga.

Kwenye karatasi, kosa linaloharibu zaidi ni la mwelekeo. Mtu anasikia "ugavi umepungua" na anauchora mstari mpya chini ya ule wa zamani. Mstari wa ugavi unapanda kuelekea kulia, kwa hiyo kuushusha ni kuuongeza. Uthibitisho ni rahisi: weka kidole kwenye bei ya 10, fuata mstari wa mlalo, na uone kama mstari mpya unaukuta kushoto zaidi. Ukipungua, ugavi huonekana kama umepanda juu, na kwa mfano wetu umepanda kwa takriban 3.33. Hiyo ndiyo nyongeza ambayo wauzaji wangeidai ili walete idadi ileile ya zamani. Soko limewapa 2 tu. Dai kwamba kila nyongeza ya gharama humwangukia mnunuzi yote halina msingi kwenye grafu kama hii.

Kosa la pili ni la mantiki, na hata wasomi wazuri hunaswa nalo. Wanasema: bei imepanda, basi mahitaji yatapungua, basi bei itarudi chini. Wanunuzi walioacha mifuko 80 hawakuuhamisha mstari wao. Wametembea tu juu yake, kutoka 600 hadi 520. Mstari huhama pale tu kinachobadilika ni kitu kisichoandikwa kwenye mhimili wowote wa grafu: kipato cha wanunuzi, bei ya bidhaa mbadala, gharama ya kuzalisha, idadi ya wauzaji. Bei ya saruji yenyewe imeshaandikwa kwenye mhimili wa wima, na ikibadilika, unatembea juu ya mistari ileile. Kupungua huko kwa wanunuzi kumeshahesabiwa ndani ya 12. Bila hao walioacha, bei ingepanda zaidi.

Uhamaji huacha alama unayoweza kuisoma hata bila kuiona mistari yenyewe. Ugavi ukihama peke yake, bei na kiasi huenda njia tofauti, kimoja juu na kingine chini. Mahitaji yakihama peke yake, vyote viwili hupanda pamoja au hushuka pamoja. Ukiona bei imepanda na mauzo yamepanda pia, usiwalaumu wauzaji kwa kupunguza mzigo, kwa sababu upungufu wa ugavi peke yake hauwezi kuongeza mauzo. Kuna wanunuzi walioongezeka.

Uangalifu unahitajika pale mistari yote miwili inapohama kwa wakati mmoja. Tuseme mafuta ya tanuri yamepanda, na siku hizohizo ujenzi umezorota hata wanunuzi wanataka mifuko 200 pungufu kwa kila bei. Mahitaji yanakuwa Q = 800 − 40P, ugavi ni Q = 60P − 200, na mistari inakatana kwenye bei ileile ya 10, mifuko ikiwa 400. Hapa kiasi kimepungua kwa 200 kamili. Anayetazama bei peke yake ataona 10 jana na 10 leo, na atasema hakuna kilichobadilika, wakati theluthi moja ya mauzo imetoweka.