Chumba Kitupu, Kalenda Imejaa: Dhana Potofu Kuhusu Kubuku Vyumba vya Mikutano

Jumatatu moja, saa 3:30 asubuhi, wageni wanne walikuwa wamekaa mapokezi katika ofisi niliyokuwa nikiisimamia, ghorofa ya tano, Upanga. Dada wa mapokezi alishawaongezea chai mara ya pili. Mlango wa chumba kikubwa, tunachokiita Kilwa, ulikuwa wazi na taa za ndani zimezimwa. Lakini skrini ndogo ya mlangoni ilikuwa nyekundu, imeandikwa jina la kijana aliyeacha kazi miezi minne nyuma. Hakuna aliyethubutu kuwaingiza wageni. "Mfumo unasema kina mtu," nikaambiwa.

Vyumba vyetu vinabukiwa kwa Outlook. Kila chumba kina anwani yake ya barua kwenye Exchange, mfumo wa barua na kalenda wa Microsoft ulio nyuma ya Outlook: unakialika kwenye mkutano kama unavyomwalika mtu, nacho hujijibu chenyewe, kimekubali au kimekataa. Wiki ile nilipozunguka kuuliza watu wanavyoelewa utaratibu huo, niligundua karibu kila meza ina mfumo wake wa kufikirika.

Dhana: Mkutano wa kila wiki usio na tarehe ya mwisho ni wako daima.

Chumba kina ukomo wa siku kinazoweza kuona mbele. Usipogusa mipangilio, ukomo huo ni siku 180. Ukiomba mfululizo unaoanza ndani ya siku hizo lakini ukazipita, chumba kinaukataa wote, na mkutano usio na mwisho unazipita kwa hakika. Ndiyo maana wengine hulalamika kwamba chumba "kinawachukia".

Msimamizi anaweza kulegeza kanuni hiyo, na hapo ndipo shida ya pili inapozaliwa. Chumba kitakubali, lakini kitachukua zile tarehe zilizo ndani ya ukomo tu na kuziacha za mbele. Kwenye kalenda ya aliyeitisha mkutano, Jumatatu zinaendelea kama kawaida. Miezi sita baadaye timu inafika mlangoni na kukuta wenzao wamekaa, tena wamekaa kihalali. Mimi naona heri kukataliwa leo kuliko kukubaliwa nusunusu bila kujua.

Kuna kero nyingine ya mfululizo ambayo watu huitafsiri vibaya. Idara ya mauzo waliomba Kilwa kila Jumatatu saa 4:00 asubuhi kwa wiki 12. Wakakataliwa, wakahitimisha kwamba chumba kimejaa Jumatatu zote. Nilipofungua kalenda nikakuta migongano miwili tu. Jumatatu 10 zilikuwa tupu kabisa. Kwa mipangilio ya mwanzo, tarehe moja ikigongana, mfululizo mzima unaanguka. Tukabadilisha hivi, kwa amri ya PowerShell:

```
Set-CalendarProcessing -Identity "Kilwa" -BookingWindowInDays 90 -EnforceSchedulingHorizon $true -ConflictPercentageAllowed 20 -MaximumConflictInstances 3
```

Yaani chumba kione mbele siku 90, kikatae mfululizo unaovuka hapo, na kivumilie migongano isiyozidi asilimia 20 wala mara 3. Mbili kati ya 12 ni kama asilimia 17, kwa hiyo walipoomba tena chumba kikakubali Jumatatu 10 na kukataa zile mbili. Hizo mbili lazima mtu azitafutie chumba kingine kwa mkono. Jibu la chumba linazitaja, ila ni nani anayesoma barua iliyotumwa na chumba mpaka mwisho?

Siku 90 nilizichagua makusudi. Kila robo mwaka mwenye mkutano analazimika kuomba upya, na mikutano iliyokwisha kufa haiombwi. Mhasibu wetu mkuu alikuja juu: "Baba, mimi kikao changu cha mwezi kinajulikana mwaka mzima!" Kweli kinajulikana, na kuomba upya kunamchukua dakika mbili mara nne kwa mwaka. Tulielewana.

Dhana: Tukiweka kuachia chumba kiotomatiki, mikutano hewa itajifuta.

Hii ndiyo inayouzwa kwa maneno matamu zaidi, na ndiyo iliyonichosha. Utaratibu wenyewe ni rahisi. Muda wa mkutano ukifika, mtu anagusa skrini ya mlangoni kuthibitisha kwamba wamefika. Zikipita dakika ulizopanga bila mtu kugusa, chumba kinajitoa kwenye mkutano ule na skrini inageuka kijani.

Kwanza, chumba ndicho kinachojitoa. Mkutano haufutiki. Waalikwa bado wanao kwenye kalenda zao, saa ileile, ila hauna tena mahali. Timu iliyochelewa kwa foleni ya Barabara ya Morogoro inafika dakika ya 20 na kukuta wengine wameshaketi, nao hawana habari yoyote isipokuwa aliyeitisha ameangalia barua zake akiwa njiani.

Pili, kinachoachiwa ni tarehe ile moja tu. Mkutano wa kila wiki usiohudhuriwa na mtu utachukua chumba tena wiki ijayo, utakikalia dakika 15, utaachia, na wiki inayofuata vivyo hivyo. Kwa anayetafuta chumba siku tatu kabla, kalenda inaonyesha kimejaa. Kuachiwa kunamfaa yule anayepita koridoni wakati huohuo, si aliyetaka kupanga. Sisi tuliweka utaratibu wa kibinadamu: mfululizo ukiachiwa mara tatu mfululizo, mapokezi wanampigia mwenyewe na kumuuliza kama bado anauhitaji. Mara nyingi jibu lilikuwa, "Aah, kumbe bado upo?"

Tatu, hesabu ya dakika. Tulianza na 15. Kwa mkutano wa saa mbili ni sawa, maana zinabaki saa moja na dakika 45, mtu anaweza kufanya kazi ya maana. Kwa mkutano wa nusu saa, chumba kinaachiwa ikiwa imebaki robo saa, na robo saa haimsaidii mtu. Vyumba vyetu viwili vidogo, Mafia na Pangani, ambavyo hukaliwa na vikao vifupi, tukavishusha hadi dakika 10. Kilwa tukakiacha 15.

Usipokuwa na skrini mlangoni au njia nyingine ya kuthibitisha, kuachia kiotomatiki kutawafukuza watu waliomo ndani. Wiki ya kwanza ilitutokea hata tukiwa na skrini: watu wameketi, wamefunga mlango, hakuna aliyekumbuka kugusa, na mara kundi jingine linabisha likiwa na haki zote. Dalili ya tatizo hili ni vyumba vinavyoonekana "kuachiwa" sana huku kila ukipita unaona watu ndani. Ukiona hivyo usikaze kanuni. Bandika karatasi kubwa mlangoni kwanza.

Dhana: Chumba kikiachiwa, aliyekataliwa mwanzo anapewa.

Hapana. Exchange haiweki foleni. Ombi lililokataliwa limekwisha kazi yake, na aliyekataliwa hatajulishwa kwamba chumba kimepatikana. Aombe tena.

Dhana: Ukiandika "MGENI" kwenye kichwa cha mwaliko, utapewa kipaumbele.

Niliwahi kuona mwaliko ulioandikwa kwa herufi kubwa "WAGENI MUHIMU SANA", na alama nyekundu ya umuhimu juu yake. Chumba hakisomi hayo. Kinaangalia kama muda uko wazi na kama muombaji anaruhusiwa, basi. Tena kwa mipangilio ya mwanzo kichwa cha mwaliko hufutwa kwenye kalenda ya chumba na kuwekwa jina la aliyeitisha. Hilo lina faida yake: mteja anayesubiri koridoni hasomi mlangoni jina la mteja mwingine.

Wala mfumo hauna kumng'oa aliyetangulia. Kwa hiyo kipaumbele cha wageni lazima kijengwe kabla, kwa kuamua nani anaruhusiwa kukichukua chumba moja kwa moja. Sisi Kilwa, kilicho karibu na mapokezi, tulikifanya hivi:

```
Set-CalendarProcessing -Identity "Kilwa" -AllBookInPolicy $false -AllRequestInPolicy $true -BookInPolicy "Mapokezi" -ResourceDelegates "Mapokezi"
```

Mapokezi wakikiomba, kinakubali papo hapo. Mwingine yeyote akiomba, ombi linakwenda kwa mapokezi walikubali au walikatae. Kanuni yao ni fupi: ombi lenye wageni linakubaliwa siku yoyote, la ndani halijibiwi mpaka ibaki siku moja, na kama hakuna mgeni aliyejitokeza, ruksa.

Udhaifu wake unauona haraka: dada wa mapokezi akienda likizo, maombi yanalala bila jibu na kila mtu anadhani chumba kimeharibika. Wekeni wawili. Na jambo lililotuumbua: mipangilio mipya haigusi yaliyokwisha kubukiwa. Mauzo walikuwa na Jumatatu zao 10 kabla hatujakifanya Kilwa cha wageni, na zilibaki pale pale. Ilibidi niende kwao kuwaomba. "Kaka, mnaweza kuhamia Pangani?" Meneja wao akauliza kama Pangani ina projekta. Ina televisheni. Akakubali, na akakibadilisha chumba kwenye mwaliko wake mwenyewe. Hiyo ndiyo njia safi, kwa sababu waalikwa wote wanapata taarifa ya mahali papya. Ukifuta kimyakimya kwenye kalenda ya chumba, timu nzima itakuja mlangoni Jumatatu.

Mgeni wa ghafla bado anahitaji simu. Mapokezi anaangalia nani yuko Kilwa, anampigia, anamwomba kwa heshima. Sijaona mpangilio wa kompyuta unaoweza kufanya hivyo bila kuleta ugomvi.

Dhana: Mtu akiacha kazi, akaunti ikifungwa, mikutano yake inaondoka naye.

Tunarudi kwa yule kijana. Akaunti yake ilifungwa siku aliyoondoka, kama inavyotakiwa. Lakini chumba kilikuwa kimekwisha kukubali mwaliko wake, na nakala iliyo kwenye kalenda ya chumba haitegemei akaunti yake iwepo. Hakuna aliyetuma taarifa ya kufuta, kwa hiyo Kilwa kikaendelea kumsubiri kila Jumatatu. Wakati ule tulikuwa hatujawasha kuachia chumba kiotomatiki, na kwa hiyo skrini ilibaki nyekundu asubuhi nzima.

Tiba ina wakati wake. Kabla sanduku la barua la anayeondoka halijafutwa, mtu wa TEHAMA anaendesha amri inayofuta mikutano aliyoiitisha kwa siku 365 zijazo na kutuma taarifa kwa watu na vyumba:

```
Remove-CalendarEvents -Identity "jina.la.mtumishi" -CancelOrganizedMeetings -QueryWindowInDays 365
```

Ukiongeza `-PreviewOnly` mwishoni, inakuonyesha itakachofuta bila kufuta. Anza na hiyo, kwa sababu kati ya mikutano ile huenda kuna kikao cha timu ambacho wengine wanakihitaji, na ni vizuri mtu mwingine akiitishe upya kwanza.

Sanduku likishafutwa, amri hiyo haina pa kushika. Inabaki kufungua kalenda ya chumba chenyewe na kuufuta mfululizo ule kwa mkono, na ndivyo nilivyofanya siku ile kwenye kompyuta ya mapokezi, nimesimama, wageni wakinitazama. Skrini ikageuka kijani. Dada wa mapokezi akakibuku Kilwa kwa jina lake, akawasha taa, akawakaribisha ndani. Ilikuwa saa 4:05.