Kodi ya zuio na gharama za wakala wa kamisheni: dhana potofu na ukweli

Dhana inayowagharimu zaidi mawakala wa mauzo wanaolipwa kwa kamisheni pekee ni kwamba kampuni ikishakata kodi ya zuio, hesabu ya kodi imekwisha. Ukweli ni kwamba zuio hukatwa kwenye kamisheni ghafi, kwa sababu kampuni haijui wakala ametumia kiasi gani kwa nauli na simu. Pale ambapo sheria hailihesabu zuio hilo kuwa kodi ya mwisho, ni malipo ya awali tu, na gharama huingizwa baadaye, wakala anapowasilisha ritani ya mwaka. Jambo la kwanza la kuhakikisha, basi, ni iwapo zuio lake ni la mwisho, kwa kuwa likiwa la mwisho gharama hizo hazipunguzi chochote.

Dhana ya pili ni kwamba mapato ya kutajwa kwenye ritani ni fedha zilizoingia benki. Tuseme kamisheni ya mwaka ni 1,000,000, kampuni ikakata asilimia 5, yaani 50,000, na wakala akapokea 950,000. Nauli za kuwafuata wateja ni 240,000, na sehemu ya simu iliyotumika kikazi ni 42,000. Faida yake ni 718,000, na kama kiwango cha kodi ni asilimia 10, anadaiwa 71,800; akitoa zile 50,000 zilizokwisha kukatwa, anabakiwa na 21,800 za kulipa. Lakini akianza na 950,000 na kuliacha zuio, atapata faida ya 668,000 na kulipa 66,800, yaani 45,000 zaidi ya anachodaiwa. Kosa hili ni rahisi kulifanya, kwa kuwa taarifa ya benki haionyeshi makato yaliyofanyika kabla ya fedha kuingia.

Wengine huamini kwamba simu na safari zote hudaiwa kikamilifu. Simu moja inayotumika kwa wateja na kwa familia hugawanywa: katika mfano wetu jumla ya vocha na bando ilikuwa 60,000, na wakala alidai asilimia 70 baada ya kupitia orodha ya simu zake za miezi kadhaa. Safari ya kutoka nyumbani hadi ofisi anayoripoti kila siku kwa kawaida huhesabiwa kuwa ya binafsi, ilhali ya kwenda kwa mteja ni ya kikazi. Daftari la safari liandikwe siku hiyohiyo, likionyesha tarehe, mteja, sababu na nauli, maana linalojazwa mwisho wa mwaka kwa kukumbuka huwa na tarakimu za kukadiria, na mkaguzi hulitilia shaka mara moja. Gharama ambayo kampuni imekwisha kuirudisha haidaiwi tena, isipokuwa kama marejesho yenyewe yamehesabiwa ndani ya mapato.

Mwisho, si kweli kwamba karatasi ya malipo inatosha kuthibitisha zuio. Kinachohitajika ni hati ya kodi ya zuio yenye namba ya mlipakodi ya wakala, na namba hiyo ikikosewa, kodi iliyokatwa haitaonekana kwenye akaunti yake. Ni vyema kuidai hati kila malipo yanapofanyika na kuilinganisha na kumbukumbu za mamlaka ya kodi kabla ya kuwasilisha ritani, wakati kampuni bado inaweza kuirekebisha.