Moto, Pamba na Neno "Ada": Ghazali Alisema Nini Hasa

Kila baada ya mhadhara wa wazi wa falsafa ya Kiislamu, idara yetu huletewa swali lile lile: ikiwa Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu, alisema moto hauunguzi, mbona yeye mwenyewe hakutia mkono jikoni? Tunaomba ieleweke kwamba hakuna mahali alipotilia shaka kuungua kwenyewe.

Hoja yake imo katika suala la 17 la Tahafut al-Falasifa, kitabu cha kuwapinga wanafalsafa alichokimaliza Baghdad mwaka 1095. Pamba ikiguswa na moto, inaungua, hilo analikubali. Anachouliza ni hiki: umeona nini? Umeona mguso, kisha umeona kuungua. Umeona viwili vikiandamana, basi. Moto hauna uhai wala hiari, hivyo si mtendaji. Anayeumba weusi na majivu katika pamba ni Mungu, moja kwa moja au kupitia malaika. Kuandamana huko ni ada, mazoea aliyoyaendesha Yeye, wala si dharura. Dharura hapa si ile ya hospitali. Ni ulazima, yaani jambo lisiloweza kuwa vinginevyo. Ulazima huo Ghazali anauacha kwenye mantiki: kuthibitisha kitu na kukikanusha papo hapo hakuwezekani kabisa.

Sasa utaratibu wa kunukuu. Kitabu ni cha majibizano. Kabla ya kunakili sentensi, rudi nyuma hadi ukute "wakisema" au "twasema". Ya kwanza ni sauti ya wapinzani wake, wanafalsafa, ya pili ni yake. Kwetu insha iliyochanganya sauti hizi hurudishwa bila alama, na ikirudi na kosa lile lile, mwandishi huanza upya na mada nyingine. Kifungu kinachozungushwa sana, cha mtu aliyeacha kitabu nyumbani akarudi akakuta kimekuwa mvulana, ni cha wapinzani. Inachosha kukisoma kila mara kama imani yake.

Jibu lake linafuata hapo hapo. Hayo yanawezekana, lakini Mungu ametuumbia ujuzi kwamba hakuyatenda, na mwendo wa ada usiokatika umeukita ujuzi huo akilini. Kisha anatoa njia ya pili, iliyo laini zaidi: moto uwe na tabia ya kuunguza pamba zote zinazofanana, ila Mungu aweza kuibadili sifa ya moto au ya mwili, kama anavyosalimika mtu aliyejipaka ulanga akaketi motoni. Wasomi hawajaafikiana ipi aliishikilia kwa dhati.

Mwanafalsafa Ibn Rushdi wa Kurtuba, akimjibu Ghazali katika karne ya 12, aliligusa neno lenyewe. Ada ya nani? Ya Mungu haiwezekani, maana mazoea hupatikana kwa kurudiarudia tendo. Ya vitu visivyo na uhai hiyo huitwa tabia, si ada. Ikiwa ni yetu sisi tunaohukumu, basi hiyo ndiyo akili yenyewe, na anayeziondoa sababu ameiondoa akili. Kwa maoni yangu hili ndilo pingamizi zito kuliko yote aliyoyatoa, na jibu la ujuzi ulioumbwa haliligusi.